Mali au Gine? Namna ya kuitambua bendera usiyoijua

Kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2015, zilizochezwa Gine ya Ikweta, Kundi D liliwakutanisha Kodivaa, Mali, Kameruni na Gine. Mechi nne za mwanzo za kundi hilo zote ziliisha 1-1. Kodivaa wakaifunga Kameruni kwenye mechi ya mwisho na kusonga mbele, ila Mali na Gine walitoka tena 1-1, wakabaki sawa kwa pointi na sawa kwa mabao. Ikabidi ipigwe kura kuamua nani aendelee, na bahati ikawaangukia Gine.

Timu hizo mbili zilizoshindikana kutenganishwa uwanjani ndizo zenye bendera ambazo rangi peke yake haiwezi kuzitenganisha. Bendera ya Mali ni kijani, manjano na nyekundu. Ya Gine ni nyekundu, manjano na kijani. Zote mbili zina milia mitatu iliyosimama wima, yenye upana sawa, na hazina nyota, ngao wala maandishi. Geuza kitambaa cha Mali juu chini, umepata Gine. Kitazame kutoka nyuma, umepata Gine tena. Kameruni iliyokuwa nao kundini ina rangi hizohizo tatu, na Kodivaa ina milia ya wima vilevile ingawa rangi zake ni nyingine. Kwa mtu anayetaka kujifunza kutambua bendera, kundi lile ni darasa tosha.

Wengi wetu tukiona bendera ngeni tunaanza na rangi. Tunasema "ile ya kijani, manjano na nyekundu", kisha tunakwama, kwa sababu nchi zaidi ya kumi za Afrika zimetumia rangi hizo kwenye bendera zao, na nje ya Afrika zipo Bolivia, Lithuania na Myanma. Rangi hukupa ukoo. Jina la mtu ndani ya ukoo huo lazima ulitafute kwa njia nyingine.

Njia ninayoiamini ni kuuliza maswali kwa mpangilio huu: anza na mambo ambayo hayabadiliki hata bendera ikigeuzwa, ikipinduliwa au ikining'inizwa ukutani, ndipo uende kwa yale yanayotegemea imeshikwaje. Bendera iliyo kwenye kitabu hukaa sawa siku zote, mlingoti ukiwa kushoto. Bendera halisi hupepea upande wowote upepo unakoelekea, hutandazwa kwenye reli za jukwaa, huvaliwa mabegani na hupigwa picha na mtu aliyesimama nyuma yake. Ukitegemea "kushoto" na "kulia" kabla ya kujua kitambaa kimekaaje, utakosea mara nyingi kuliko utakavyopatia.

Milia imefuata upande gani wa kitambaa

Jambo la kwanza lisilobadilika ni uhusiano wa milia na umbo la kitambaa. Karibu bendera zote za taifa ni za mstatili: zina upande mrefu na upande mfupi. Milia ya wima, kama ya Mali, hufuata upande mfupi. Milia ya ulalo, kama ya Ghana, hufuata upande mrefu. Hili halibadiliki hata ukiining'iniza bendera kichwa chini.

Faida yake inaonekana pale bendera inapotundikwa ukutani kwa kushuka, kama inavyofanywa kwenye kumbi za mikutano. Chukua bendera ya Mali, igeuze ili upande wa mlingoti uwe juu. Sasa kijani kiko juu, manjano katikati, nyekundu chini, na anayepita haraka ataapa kwamba ameona Ethiopia isiyo na nembo. Fanya hivyohivyo na ya Gine, utapata nyekundu juu na kijani chini, na mtu atasema Bolivia. Lakini kitambaa hicho ni kirefu kwenda chini, na milia yake imelala kufuata upande mfupi. Kwa hiyo ni bendera ya milia ya wima iliyogeuzwa. Ethiopia na Bolivia zimeshatoka.

Kama kingo za kitambaa hazionekani zote, tazama mlia mmoja tu. Bendera ya milia mitatu ya wima yenye uwiano wa 2 kwa 3, yaani kimo cha mita 2 kwa urefu wa mita 3, kila mlia wake una upana wa mita 1 na urefu wa mita 2. Ni kipande kinene: urefu ni mara mbili ya upana. Bendera ya ukubwa huohuo yenye milia ya ulalo ina mlia wa mita 3 kwa takribani sentimita 67, yaani urefu ni mara nne na nusu ya upana. Ethiopia, ambayo uwiano wake ni 1 kwa 2, mlia wake ni mwembamba zaidi: urefu ni mara sita ya upana. Tofauti ya mara mbili na mara nne au sita huonekana kwa jicho hata kwenye picha iliyokatwa pembeni.

Rangi ya katikati na kilichokaa juu yake

Jambo la pili lisilobadilika ni mlia wa katikati. Ukipindua bendera, rangi za pembeni hubadilishana nafasi, ila ya katikati hubaki katikati. Ndiyo maana ninaiuliza kabla ya kuuliza mpangilio wa rangi kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kwa bendera za wima za ukoo huu, swali hili pekee huitoa Kameruni. Mpangilio wake ni kijani, nyekundu, manjano, na nyota ya manjano imekaa kwenye nyekundu ya katikati. Zilizobaki, yaani Mali, Gine na Senegali, zote zina manjano katikati. Hivyo hata mkunjo ukiwa umeificha nyota ya Kameruni, nyekundu iliyo katikati inatosha kuitaja.

Senegali nayo hujitenga kwa nyota ya kijani iliyokaa kwenye manjano. Hapa ndipo panapohitaji uangalifu, kwa sababu kijani juu ya manjano huweza kumezwa na mkunjo au kivuli. Kabla ya kusema "haina nyota", hakikisha unaona kitovu cha bendera. Kama katikati pamekunjwa, jibu la haki ni kwamba bado hujui.

Watu wengi hukumbuka kwamba bendera fulani "ina nyota" na kusahau nyota hiyo ilikuwa ya rangi gani na imekaa juu ya rangi gani. Katika ukoo huu wa rangi, wengi wana nyota. Nyeusi juu ya manjano ya ulalo ni Ghana. Kijani juu ya manjano ya wima ni Senegali. Manjano juu ya nyekundu ya wima ni Kameruni. Manjano katikati ya bendera iliyogawanywa nyekundu juu na kijani chini ni Bukinafaso. Nyeusi juu ya nyekundu iliyo kando ya mlingoti ni Gine-Bisau. Ukiandika au ukikariri, shika vitu vitatu pamoja: alama, rangi yake, na rangi iliyo chini yake.

Rangi inayogusa kamba

Tumebakiwa na Mali na Gine. Hapa hakuna tena kitu kisichobadilika cha kutusaidia. Vitambaa viwili vya 2 kwa 3, milia sawa, rangi zilezile, manjano katikati. Kwa kweli, kama fundi atashona milia hiyo mitatu bila kuweka kamba wala pindo la mlingoti, kitambaa chake si cha Mali wala cha Gine. Kinaweza kuwa cha yeyote kati yao. Kinachokifanya kiwe cha nchi moja ni upande utakaofungwa mlingotini.

Kwa hiyo swali la mwisho ni moja: rangi gani inagusa kamba? Kijani kikigusa kamba, ni Mali. Nyekundu ikigusa kamba, ni Gine. Ukiuliza hivyo hutajali tena kama unaitazama kwa mbele au kwa nyuma. Hutajali kama imepinduliwa. Hutajali hata kama ni picha iliyopigwa kwa kamera ya mbele ya simu, ambayo mara nyingine hugeuza kushoto kuwa kulia kama kioo. Rangi iliyoshonwa kwenye pindo la kamba haihami.

Pindo hilo lina dalili zake. Bendera iliyotengenezwa vizuri huwa na ukanda wa turubai, mara nyingi mweupe, upande wa mlingoti, wenye matundu mawili yaliyozungushiwa pete za chuma au kamba iliyopita ndani yake. Bendera ndogo za mezani na za mkononi huwa na mfuko mwembamba wa kitambaa ambamo kijiti hupita. Upande wa pili, ule wa kupepea, hushonwa kwa nyuzi mistari kadhaa kwa sababu ndio unaopigwa na upepo, na bendera iliyokaa nje muda mrefu huchanika upande huo kwanza. Ukiona ukingo mmoja umechakaa na mwingine mzima, mlingoti uko kwenye ule mzima.

Mwaka 2018, kwenye mashindano ya dunia ya riadha ya ndani huko Birmingham, mwanariadha wa Kodivaa Murielle Ahouré alishinda mbio za mita 60. Hakuwa na bendera ya kwao ya kushangilia. Jukwaani alikuwapo mtazamaji mwenye bendera ya Ayalandi, ambayo ni kijani, nyeupe na rangi ya chungwa kuanzia mlingotini. Ya Kodivaa ni rangi ya chungwa, nyeupe na kijani. Akaiazima, akaigeuza, akashangilia nayo.

Mtu makini angeweza kugundua kwamba kitambaa kile ni cha Ayalandi hata bila kuona kamba. Bendera rasmi ya Ayalandi ina uwiano wa 1 kwa 2, ilhali ya Kodivaa ni 2 kwa 3. Kwa Kodivaa, urefu wa mlia ni mara mbili ya upana wake. Kwa Ayalandi ni mara moja na nusu tu, mlia mnene na mfupi. Lakini kipimo hiki kina mpaka wake. Watengenezaji wengi wa bendera za kuuza hukata nchi zote kwa kipimo kimoja ili zipangike pamoja, na bendera zinazopangwa mstari mmoja kwenye mashindano nazo hufanywa za ukubwa sawa. Uwiano ni shahidi mzuri kwenye bendera ya ofisi ya serikali, na ni shahidi dhaifu kwenye bendera ya mtaani. Kamba ni shahidi kotekote.

Tuipitie picha moja

Tuchukue picha ya aina inayopatikana kila mashindano. Mashabiki watatu wamesimama jukwaani wakiwa wametandaza kitambaa mbele ya vifua vyao. Kushoto kwako ni nyekundu, katikati manjano, kulia kijani. Sehemu ya chini imefichwa na reli.

Jambo la kwanza linalokuja kichwani ni kusema Gine, kwa kuwa ndivyo Gine ilivyochorwa kwenye vitabu. Zuia ulimi kidogo. Milia inakwenda juu chini, na kitambaa ni kirefu kwenda pembeni, kwa hiyo milia inafuata upande mfupi. Hiyo ni bendera ya wima kwelikweli, si ya ulalo iliyogeuzwa. Katikati ni manjano, basi si Kameruni. Kitovu cha manjano kinaonekana chote, hakuna nyota, basi si Senegali. Tumebaki na wawili.

Sasa angalia kingo. Shabiki wa kulia ameshika pembe ya juu, na karibu na kidole gumba chake kuna ukanda mweupe wenye pete ya chuma. Ukingo wa kushoto hauna ukanda; una mishono miwili tu. Kamba iko kulia, na rangi iliyo kulia ni kijani. Kijani kinagusa kamba. Ni Mali, na mashabiki wale wameitandaza huku sisi tukiiona kwa upande wa nyuma, au wameipindua. Lolote kati ya hayo halibadilishi jibu.

Na kama pete isingeonekana? Hapo ningetafuta ushahidi nje ya kitambaa: jina la nchi kwenye skafu, maandishi kwenye jezi, rangi zilizochorwa mashavuni zikiwa na jina pembeni, au tarehe na uwanja wa mechi. Kama navyo havipo, ningeandika "Mali au Gine" na kuishia hapo. Maelezo ya picha yanayotaja nchi moja bila ushahidi ni kubahatisha, na wasomaji wa nchi nyingine wataona mara moja.

Kwa nini zimefanana hivi

Mfanano huu haukutokea kwa ajali, na ukijua historia yake utakumbuka mpangilio kwa urahisi zaidi. Ethiopia ilikuwa imewashinda Waitalia huko Adwa mwaka 1896, na mwaka uliofuata Menelik wa Pili akazikusanya kijani, manjano na nyekundu katika bendera moja. Kwa Waafrika waliokuwa chini ya wakoloni, rangi hizo zilikuwa za nchi iliyokataa kutawaliwa. Ghana ilipopata uhuru tarehe 6 Machi 1957, Theodosia Okoh aliyeibuni bendera yake alizichukua rangi hizo kwa milia ya ulalo, nyekundu ikiwa juu, akaweka nyota nyeusi katikati.

Mwaka uliofuata Gine, chini ya Sékou Touré, ilipiga kura ya kuikataa jumuiya mpya ya Ufaransa na ikawa huru tarehe 2 Oktoba 1958. Ikazichukua rangi za Ghana kwa mfuatano uleule, nyekundu kwanza, ila ikazisimamisha wima kwa mtindo wa bendera ya Ufaransa. Ndiyo maana ninaikumbuka Gine hivi: ni Ghana iliyosimamishwa, bila nyota.

Mwaka 1959 Senegali na Sudani ya Kifaransa ziliungana kuwa Shirikisho la Mali. Bendera ya shirikisho ilikuwa kijani, manjano na nyekundu za wima, na juu ya manjano kulikuwa na umbo jeusi la mtu aliyeinua mikono, liitwalo kanaga. Shirikisho likavunjika Agosti 1960. Senegali ikabaki na milia, ikaliondoa umbo na kuweka nyota ya kijani. Upande wa pili ukajiita Mali na kuendelea na bendera yenye kanaga, mpaka mwaka 1961 ilipoondolewa, kwa kuwa Waislamu wengi wa nchi hiyo hawakuridhika na sura ya kiumbe kwenye bendera ya taifa. Kilichobaki ni milia mitupu, na hapo ndipo Mali ikawa kioo cha Gine.

Kwa hiyo milia ya wima ya rangi hizi ni dalili nzuri kwamba unatazama nchi iliyotawaliwa na Wafaransa. Lakini ilikuwapo nchi nyingine yenye mpangilio huo, na hiyo ni jirani yetu. Rwanda ilitawaliwa na Wabelgiji, ambao bendera yao pia ni ya milia mitatu ya wima. Mwanzoni mwa 1961 Rwanda ilichukua nyekundu, manjano na kijani bila kitu katikati, na hivyo ikawa sawasawa na Gine: rangi zilezile, mfuatano uleule, kamba upande uleule. Hapo hata swali letu la kamba lisingesaidia. Suluhisho likawa kuweka herufi kubwa nyeusi R juu ya manjano. Ukiona herufi hiyo kwenye picha ya zamani, jibu ni Rwanda bila shaka, na ukiiona imegeuka kinyume unajua pia kwamba unatazama kitambaa kwa nyuma. Bendera hiyo ilitumika hadi tarehe 25 Oktoba 2001, ilipobadilishwa na ya sasa ya samawati, manjano na kijani yenye jua kwenye pembe ya juu ya upande wa kupepea.

Upande wa milia ya ulalo

Kwa milia inayofuata upande mrefu, maswali ni yaleyale. Katikati ni rangi gani? Manjano inakuleta kwa Ghana, Ethiopia na Bolivia. Kijani katikati kinakutoa Afrika kabisa: Lithuania ni manjano, kijani, nyekundu bila alama, na Myanma, kwa bendera yake ya 2010, ina rangi hizo kwa mfuatano huohuo pamoja na nyota kubwa nyeupe.

Kati ya Ghana, Ethiopia na Bolivia, alama inamaliza kazi: nyota nyeusi kwa Ghana, duara la buluu lenye nyota ya manjano kwa Ethiopia, nembo ya taifa kwa bendera ya serikali ya Bolivia. Shida huja zikiwa tupu. Wananchi wa Bolivia hutumia bendera isiyo na nembo, nyekundu ikiwa juu. Waethiopia wengi, hasa walio ughaibuni, hupenda ile ya kale isiyo na duara, kijani kikiwa juu. Duara la buluu lilianza mwaka 1996 tu, na kwa wengine kubeba bendera bila duara ni kauli ya kisiasa. Pindua moja kati ya hizo mbili, utapata nyingine. Kamba peke yake haikuambii upande wa juu, maana hapa inagusa rangi zote tatu. Kilichobaki ni wembamba wa mlia, kwani Ethiopia ni ndefu zaidi, na watu walioishika.

Kuna jambo ambalo mtu anayetembea Zanzibar au Lamu atalikuta kila siku: kofia, bangili na vitambaa vya nyekundu, manjano na kijani, pengine na simba mwenye taji. Hizo ni rangi za Marasta, walizozipata kutoka Ethiopia ya Haile Selassie, na simba yule alikuwa kwenye bendera ya ufalme huo hadi 1974. Si bendera ya taifa lolote la leo, wala usihangaike kuitafutia nchi.

Nyingine za ukoo huu zina mpangilio wa peke yake na hazisumbui sana. Kongo ya Brazzaville ina ukanda wa mshazari wa manjano, kijani kikiwa juu upande wa mlingoti na nyekundu chini upande wa pili. Togo ina milia mitano na pembe nyekundu yenye nyota nyeupe. Zinazochanganywa ni Benini na Gine-Bisau, kwa kuwa zote zina pande la wima mlingotini na milia miwili ya ulalo kando yake. Tazama pande lile: likiwa kijani na tupu ni Benini, likiwa jekundu na lina nyota nyeusi ni Gine-Bisau. Madagaska ina umbo hilohilo, lakini pande lake ni jeupe na manjano haimo kabisa.

Mambo yanayodanganya

Kitu ninachokiamini kidogo kuliko vyote ni kina cha rangi. Maandiko rasmi hutofautisha kijani cha Mali na kijani cha Gine, ila tofauti hiyo hufa kiwandani na juani. Nyekundu iliyokaa nje huelekea rangi ya chungwa, kijani huwa cha maji ya bahari, na kamera ya usiku hubadilisha vyote. Ipo jozi moja mashuhuri inayotegemea kina cha rangi tu: Chadi na Romania, zote buluu, manjano na nyekundu za wima, 2 kwa 3, buluu ikigusa kamba kwa zote mbili. Ya Chadi ina buluu iliyokolea zaidi. Ukipewa moja bila nyingine ya kulinganisha, mazingira ya picha yatakusaidia kuliko jicho lako.

Kingine ni umri wa picha. Ukiona Kameruni yenye nyota mbili za manjano kwenye kijani badala ya moja katikati, ujue ni kati ya 1961 na 1975. Ukiona bendera ya ulalo yenye nyekundu, nyeupe na kijani na nyota nyeusi katikati, usiitafute kwenye orodha ya nchi za leo: ni Ghana ya kati ya 1964 na 1966, wakati wa Nkrumah, manjano ilipoondolewa na kuwekwa nyeupe ili ifanane na rangi za chama tawala. Benini nayo, kati ya 1975 na 1990, ilikuwa na bendera ya kijani kitupu yenye nyota nyekundu pembeni juu, isiyo na hata chembe ya manjano. Kwa hiyo bendera ikikataa kulingana na nchi yoyote baada ya maswali yote, milia ikiwa inaonekana vizuri na kitovu kiko wazi, tafuta mwaka wa picha kabla ya kutafuta nchi nyingine.